Kujenga, kununua au kukodi: kuandika sehemu ya teknolojia ya apu ya kuagiza gesi

Mpwa wangu aliniletea mpango wake wa biashara wenye kurasa 31. Soko alikuwa amelieleza kwa kurasa tisa, washindani kwa kurasa nne, na maono ya kampuni kwa kurasa ambazo sikuzihesabu. Sehemu ya teknolojia ilikuwa mstari mmoja tu: "Kutengeneza apu: Sh 1,500,000." Nikamuuliza hiyo milioni moja na nusu kaitoa wapi. Akanijibu, "Mjomba, kuna jamaa aliniambia."

Wazo lenyewe si baya. Mtu wa Kisauni, Bamburi au Nyali, mitaa ya Mombasa, anaishiwa na gesi wakati sufuria iko jikoni. Anaagiza kwa simu, duka la karibu linapokea oda, bodaboda anapeleka mtungi uliojaa na kurudi na mtupu. Kampuni inachukua shilingi 100 kwa kila oda. Ila anayeombwa mkopo hatauliza kama wazo ni zuri. Atauliza ile milioni na nusu inanunua nini, na baada ya kuisha itahitajika nyingine lini. Tulikaa Jumamosi mbili kuandika sehemu hiyo upya, na hatua tulizopita ndizo hizi. Bei za kazi na za huduma zilizomo ni makadirio yetu ya mezani kwa ajili ya biashara hii. Wewe weka zako, ila hesabu ifuate njia hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: ufuate mtungi mmoja

Kabla ya kutaja seva wala lugha ya programu, chukua karatasi uandike safari ya oda moja, kuanzia mteja anapoishika simu hadi mtungi mtupu unaporudi dukani. Kila kitenzi kiwe na mstari wake. Sisi tulipata hivi: mteja anajitambulisha kwa namba ya simu, anaonyesha anakoishi, anachagua ukubwa na chapa ya mtungi, mfumo unatafuta duka lenye mtungi huo, duka linakubali, bodaboda anapewa kazi, mteja analipa, mtungi uliojaa unashuka, mtupu unapokelewa, duka linalipwa haki yake.

Orodha hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayokuonyesha biashara yako inafanana na nyingine wapi na inatofautiana nazo wapi. Kujitambulisha kwa namba ya simu kunafanana na apu zote duniani. Kulipa kwa M-Pesa kunafanana na maduka yote ya Kenya. Lakini ule mstari wa mtungi mtupu ni habari nyingine kabisa. Ukiuza chipsi, chipsi zimekwenda. Mtungi unakwenda na unarudi, na anayerudisha huenda akarudisha wa chapa nyingine, au uliopata kutu, au valvu yake si ile. Mtungi wenyewe una thamani, na saa zote lazima ijulikane uko kwa nani: dukani, kwa bodaboda au kwa mteja. Kosea hapo kwa mwezi mmoja uone maduka yatakavyogombana nawe.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye pesa tulishajua moyo wa mfumo uko wapi. Ni daftari la mitungi.

Hatua ya pili: kila mstari upite kwenye maswali manne

Watu husema "kujenga au kununua" kana kwamba njia ni mbili. Kwa kweli sehemu kubwa ya unachoita kununua ni kukodi: unalipa kila mwezi au kila mara unapotumia, na siku ukiacha kulipa kitu hakipo. Kununua hasa ni kupata msimbo ulio tayari ukaugeuza uwe wako. Kujenga ni kumlipa fundi aandike kuanzia sifuri. Tulichukua kila kitenzi cha ile orodha tukakiuliza maswali haya:

Je, mteja atatuchagua sisi kwa sababu ya kitu hiki? Kikiharibika Jumamosi usiku, nani anakitengeneza? Oda zikiwa mara kumi ya leo, bili yake itakuwaje? Na tukitaka kuhama, tunaondoka na nini mkononi?

Swali la kwanza ndilo linaloamua mambo mengi. Hakuna mteja atakayesema "ninawapenda hawa kwa jinsi wanavyotuma namba ya uthibitisho". Hicho kodi. Atakayosema ni kwamba mtungi ulikuja wa chapa yake, kwa bei aliyoambiwa, na hakulipishwa mara mbili. Hayo jenga. Swali la nne ndilo watu husahau, nami nitalirudia mbele.

Hatua ya tatu: yaliyo rahisi yamalize haraka

Namba ya uthibitisho kwa SMS inakodishwa. Kampuni kama Africa's Talking zinauza huduma hiyo, fundi anaiunganisha kwa siku moja au mbili, na unalipia kila ujumbe. Hapa kuna mtego mmoja ulioniuma mimi mwenyewe kwenye kazi ya zamani. Ijumaa jioni tulijaza salio la SMS la kutosha mwezi mzima. Jumamosi alfajiri lilikuwa limekwisha. Kufungua kumbukumbu nikakuta maombi ya namba za uthibitisho kwa maelfu, simu zikifuatana tarakimu kwa tarakimu, nyingi za nchi ambazo hatukuwa na mteja hata mmoja, na karibu hakuna aliyerudisha namba aliyotumiwa. Ni ulaghai unaojulikana: mtu huko ng'ambo anapata mgawo wa pesa kwa kila ujumbe unaofika kwenye namba zake. Kosa lilikuwa letu, hatukuweka mlango. Siku hizi fundi wangu haachi siku ipite bila kuweka masharti matatu: zinakubaliwa namba zinazoanza na +254 peke yake, namba moja haipewi zaidi ya ujumbe tatu kwa saa, na simu yangu inalia pale ambapo namba zinazotumwa zinapishana mno na zinazothibitishwa.

Ramani nayo ni ya kukodi, ila kodi kidogo. Mpwa wangu alitaka mteja aandike anwani nayo imalizie yenyewe, kama alivyoona kwenye apu za Ulaya. Huduma ya namna hiyo hulipishwa kwa kila utafutaji, kwa dola, halafu Kisauni watu hawaishi kwa namba za nyumba. Wanaishi nyuma ya msikiti, mkabala na posho mill, ghorofa ya tatu mlango wa kijani. Tukakata: mteja anabandika alama kwenye ramani mara moja, anaandika maelezo kwa maneno yake, na mahali hapo panahifadhiwa. Oda ya pili haiulizi tena. Kwa uamuzi huo bili ya kutafuta anwani ilifutika kabisa, na mabodaboda tuliowauliza walisema maneno ya mteja yanawasaidia kuliko alama.

Arifa za kwenye simu zinatumwa bure kupitia Firebase Cloud Messaging, lakini usiitegemee peke yake kwa bodaboda. Simu nyingi za bei nafuu huzima programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, na oda ikapita bila kulia. Oda isipopokelewa kwa dakika mbili, itumwe SMS.

Ukurasa wa ofisi, pale mhudumu anapoona oda na kurekebisha makosa, usiujenge kuanzia sifuri. Zipo zana za bure zinazozalisha kurasa hizo moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata. Hazipendezi, lakini anayezitazama ni mfanyakazi wenu.

Hatua ya nne: malipo, ambayo nusu unakodi na nusu unajenga

Hapa ndipo mikataba mingi ya bei rahisi inapopasuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Reli ya malipo huijengi. Kwa Kenya, Safaricom wana API inayoitwa Daraja. Mfumo wako unatuma ombi, mteja anaona kidirisha kwenye simu yake, anaweka PIN, kisha Daraja inatuma jibu kwenye anwani ya seva yako. Fundi anaweza kukuonyesha jambo hilo likifanya kazi katika siku mbili, na wewe ukaamini malipo yamekwisha. Hayajakwisha. Hiyo ni njia ya siku njema. Tazama jibu la siku mbaya linavyokuja:

```json
{
  "Body": {
    "stkCallback": {
      "CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
      "ResultCode": 1032,
      "ResultDesc": "Request cancelled by user"
    }
  }
}
```

Namba 1032 ni mteja aliyeghairi. Ikiwa 1, salio halikutosha. Ikiwa 1037, simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Sifuri ndiyo iliyofaulu. Hizo zote ni afadhali, maana umejibiwa. Shida ni jibu lisipofika, kwa sababu seva yako ilikuwa inajiwasha upya au mtandao ulikatika.

Mfikirie bodaboda yuko Bamburi, ghorofa ya tatu, begani ana mtungi wa kilo 13 ambao ukijaa uzito wake unakaribia mara mbili ya hiyo. Mteja anamwonyesha ujumbe wa M-Pesa: nimeshalipa. Apu ya bodaboda inasema: inasubiri. Amwamini nani? Ujumbe kwenye simu ya mteja si ushahidi, watu wanaughushi. Na fundi wa bei rahisi ameandika kwamba dakika ikipita bila jibu, oda inaandikwa "malipo yameshindwa", kisha mteja anaombwa alipe tena. Mteja muungwana analipa mara ya pili. Kesho yake unampoteza pamoja na jirani zake wote.

Kinachojengwa, basi, ni daftari la malipo lenye tabia tatu. Kwanza, kila ombi linaandikwa kabla ya kutumwa, na hali yake ni "inasubiri" mpaka uthibitisho upatikane. Kukosa jibu si kushindwa. Pili, jibu lisipofika kwa dakika moja, mfumo wenyewe unauliza Daraja kwa kutumia ileile `CheckoutRequestID`, badala ya kumsumbua mteja. Tatu, jibu likifika mara mbili lihesabiwe mara moja. Hilo la tatu analilinda fundi kwa mistari michache ndani ya hifadhidata:

```sql
create table malipo (
  id bigint generated always as identity primary key,
  checkout_request_id text unique,
  oda_id   bigint  not null,
  risiti   text    unique,
  kiasi    integer not null,
  hali     text    not null default 'inasubiri'
);
```

Neno `unique` pale kwenye risiti ndilo linalozuia risiti moja ya M-Pesa kulipia oda mbili. Bodaboda wetu akikwama mlangoni, anaingiza namba ya risiti, seva inaihakiki upande wa Safaricom, na anajibiwa ndiyo au la.

Halafu kila usiku taarifa ya akaunti ya M-Pesa inalinganishwa na daftari. Utapata mafungu matatu: yaliyoko pande zote mbili, yaliyoko kwa M-Pesa pekee, na yaliyoko kwenye daftari pekee. Fungu la kwanza liache. La pili ni pesa ya mtu ambaye hajahudumiwa, au hajaandikwa kuwa amehudumiwa. La tatu ni hatari zaidi: mtungi umetoka na pesa haijaingia. Ukitaka kujua kama fundi anayekuahidi kazi anaijua kweli, muulize fungu la tatu atalishughulikiaje. Akikuambia halitokei, endelea kutafuta.

Kazi yote hiyo tuliikadiria siku 15. Jamaa wa milioni na nusu alikuwa ameiandika siku mbili.

Hatua ya tano: jaribu shawishi la msimbo ulio tayari

Mpwa wangu alikuwa ameona mtandaoni apu nzima ya kuagiza chakula inayouzwa kwa bei ya simu moja. Ina apu ya mteja, ya dereva, ya mkahawa, picha nzuri. Kwa nini tusinunue tukabadilisha rangi?

Nilimwambia turudi kwenye safari ya mtungi. Apu ya chakula inajua kitu kinachotoka, haijui kinachorudi. Kuingiza daftari la mitungi kwenye msimbo wa mtu mwingine kunagusa jedwali la bidhaa, oda, hesabu za duka na apu ya dereva. Tulikadiria siku 40 za kugeuza, na mwisho wake tungebaki na mfumo ambao robo tatu yake hakuna anayeuelewa, na ambao toleo jipya la muuzaji lingefuta tuliyoyabadilisha. Isitoshe, soma leseni: nyingi zinakuruhusu kutumia kwa biashara moja, nyingine zinakuja na sehemu zilizofungwa usiweze kuzisoma.

Sisemi usinunue kamwe. Kama unauza chakula, na safari ya sahani yako inafanana kabisa na waliyoiandika, nunua uanze wiki ijayo. Kipimo ni hiki: hesabu ni vitenzi vingapi vya orodha yako havimo kwenye kile unachonunua. Kimoja au viwili vya pembeni, sawa. Kikikosekana kile cha moyoni, umenunua ganda.

Hatua ya sita: hesabu siku kwanza, shilingi baadaye

Kosa la kukisia kwa shilingi ni kwamba huwezi kulibishania. Siku unaweza. Fundi akisema apu ya bodaboda ni siku 15, unamuuliza siku ya nne anafanya nini. Haya ndiyo makadirio yetu ya mpango mzima, kwa Sh 8,000 kwa siku:

| Kazi | Siku |
|---|---|
| Apu ya mteja (Android) | 25 |
| Apu ya bodaboda | 15 |
| Seva na daftari la mitungi | 25 |
| Malipo na ulinganishaji | 15 |
| Ukurasa wa ofisi kwa zana tayari | 5 |
| Majaribio na kuingiza Google Play | 10 |

Jumla siku 95, yaani Sh 760,000. Juu yake tuliongeza asilimia 30 ya dharura, Sh 228,000, ikawa Sh 988,000. Hiyo 30 haikutoka hewani. Dharura nyingi hutokea pale kitu chako kinapoungana na kitu cha wengine: kusubiri kibali cha namba ya M-Pesa ya kazi halisi, jina la mtumaji wa SMS lililochelewa kuidhinishwa, apu iliyokataliwa na Google Play. Ukiwa na viungo vingi vya kukodi, dharura iwe kubwa, hata kama siku za kujenga zimepungua.

Android ilitosha kuanzia. Apu ikiandikwa kwa Flutter, msimbo uleule mwingi utatumika siku ya kwenda iPhone. Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Jambo la kuweka kwenye ratiba: akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google Play inatakiwa kwanza ifanyiwe majaribio na watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, lakini inadai namba ya utambulisho wa kampuni iitwayo D-U-N-S, nayo ina foleni yake. Anza mapema.

Sasa gharama za kila mwezi, ambazo zile kurasa 31 hazikuzitaja hata kwa bahati mbaya. Tuseme oda 1,500 kwa mwezi, wastani wa Sh 1,800 kila moja. SMS 3,600 kwa shilingi moja moja ni Sh 3,600. Seva na nakala za akiba, dola 40, tuseme Sh 5,200. Ada ya kupokea malipo tuliiweka nusu asilimia, Sh 13,500. Matunzo, siku sita za fundi, Sh 48,000. Jumla Sh 70,300, sawa na kama Sh 47 kwa oda. Tukipata mia, hamsini na tatu inabaki.

Mpwa wangu akatabasamu. Nikamwambia ashushe oda hadi 300, maana ndivyo miezi ya kwanza inavyokuwa. SMS na ada zinashuka, lakini seva na fundi hawashuki. Jumla Sh 56,620, yaani karibu Sh 189 kwa oda. Kila mtungi unaokwenda unaondoka na shilingi 89 zake. Hasara inakoma kwenye oda kama 600 kwa mwezi, 20 kwa siku.

Na hata kwa zile 1,500, faida baada ya gharama hizi ni Sh 79,700 kwa mwezi. Kurudisha Sh 988,000 kunachukua zaidi ya miezi 12. Hapo alinyamaza.

Angalia pia bili za dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu Sh 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Kwa seva ya dola 40 hilo ni shilingi elfu moja na kitu, hutaumia. Kama tungekubali ile huduma ya kutafuta anwani kwa kila oda, tungeumia. Kwenye mpango, andika bili za dola peke yake na uzipige hesabu mara mbili, kwa kiwango cha leo na kwa 160.

Hatua ya saba: kata hadi kipande kinacholipa

Tulirudi kwenye jedwali tukauliza: kati ya haya, lipi likikosekana mtungi haufiki? Daftari la mitungi, hapana, libaki. Malipo yabaki. Ukurasa wa ofisi ubaki. Apu ya mteja? Mteja anaweza kufungua ukurasa mwepesi wa mtandao kwenye simu ileile, siku 10. Apu ya bodaboda? Mabodaboda wanane wanaweza kupata oda kwa SMS yenye kiungo cha ukurasa mmoja wa kubonyeza "nimefika" na "nimepokea mtupu", ambao tuliuingiza ndani ya zile siku 10. Majaribio siku 5.

"Mjomba, sasa hii si kampuni ya apu tena. Haina apu."

Ina daftari, nikamjibu, na apu ikija itakaa juu ya daftari hilohilo bila kubomoa kitu. Siku ni 60: Sh 480,000, na dharura Sh 144,000, jumla Sh 624,000. Matunzo yanashuka hadi siku nne kwa mwezi, Sh 32,000. Sasa hasara inakoma kwenye oda 420 kwa mwezi, 14 kwa siku, na kwa oda 1,500 pesa ya kujengea inarudi ndani ya miezi saba. Apu tuliiandika kama awamu ya pili yenye sharti: itajengwa oda zikifika 40 kwa siku kwa miezi miwili mfululizo, na zaidi ya nusu zikiwa za wateja wanaorudi. Mteja wa mara moja hahitaji apu kwenye simu yake iliyojaa picha.

Kabla hata ya hapo nilimlazimisha afanye wiki tatu kwa WhatsApp na Google Sheets, bila fundi. Alirudi na jambo ambalo lisingejulikana mezani: kuna maduka yanayokataa mtungi wa chapa wasiyouza. Hilo likabadilisha jedwali la mitungi kabla halijaandikwa, na wakati huo kulibadilisha kulikuwa ni kufuta mstari kwa kalamu.

Hatua ya nane: umiliki, halafu uandike

Rudi sasa kwenye lile swali la nne, tukihama tunaondoka na nini. Akaunti ya Google Play, ya Daraja, ya SMS, ya seva, jina la tovuti na hazina ya msimbo zifunguliwe zote kwa jina na barua pepe ya kampuni, kisha fundi aalikwe ndani. Isiwe kinyume chake. Mkataba useme msimbo ni mali ya kampuni kila awamu inapolipwa, na malipo yafuate vitu vinavyoonekana: fungu la kwanza daftari likikubali oda na mtungi mtupu, la pili ulinganishaji wa usiku ukitoa yale mafungu matatu kwa usahihi kwa siku saba, la mwisho baada ya mwezi mmoja kazini. Na kwa kuwa unahifadhi namba za simu na mahali watu wanapolala, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Andika nani anaona nini, na data inafutwa lini.

Uandishi wenyewe haukuzidi kurasa tatu. Kila sehemu tuliipa aya moja ya namna hii:

"Malipo: tunakodi reli ya M-Pesa kupitia Daraja na kujenga daftari la malipo na ulinganishaji wa kila usiku, kwa sababu kulipishwa mara mbili kutatupotezea wateja kuliko ucheleweshaji wowote. Kujenga: siku 15, Sh 120,000. Kuendesha: nusu asilimia ya mauzo. Tukihama: daftari lote ni letu, kinachobadilika ni kiungo kimoja cha kutuma na kupokea."

Ile ya daftari la mitungi ilikuwa ndefu zaidi, ya SMS ilikuwa mistari miwili.

Siku ya mahojiano, mpwa wangu anasema, swali la kwanza halikuwa la pesa. Aliulizwa fundi wao akihama itakuwaje. Alikuwa na jibu, maana tulishalifanyia mazoezi: wiki moja kabla tulimpa fundi mwingine, asiyejua chochote kuhusu gesi, msimbo wa jaribio na maelezo ya ukurasa mmoja, tukamwambia aupandishe kwenye seva mpya. Alianza saa tatu asubuhi. Kufikia saa kumi jioni oda ya majaribio ilikuwa imepita, na alikuwa ametuandikia makosa mawili kwenye maelezo yetu.